Mahindi yako yamezuiwa mpakani kwa sababu ya sumukuvu: namna ya kudai ushahidi wa kisayansi

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya, AFA, iliiandikia idara ya forodha ya mamlaka ya mapato, KRA, barua fupi: mahindi ya kutoka Uganda na Tanzania yasiingizwe tena nchini, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa umeonyesha kiasi cha sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu, kilichozidi kiwango salama. Malori yakakwama mpakani. Kwa muuza nafaka wa Nyamakima, Nairobi, aliyekuwa amekwisha kulipia mzigo wake, swali lilikuwa moja: je, barua kama hii inaweza kupingwa, au likishatajwa jambo la afya basi mazungumzo yamekwisha? Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, wizara ililiondoa katazo na kuweka masharti mahali pake: waagizaji wajisajili, kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu, haizidi kiwango, na hati ya asili itaje hadi wilaya mahindi yalikotoka.

Katika siku hizo tano limo karibu kila jambo ambalo mfanyabiashara anapaswa kulijua kuhusu sheria ya biashara na afya. Nitalitumia tukio hilo kuonyesha hatua za kufuata barua ya namna hiyo ikikufikia.

Kwanza niseme wazi kwamba sikufundishi kubishana na sumukuvu yenyewe. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na mahindi hayo hayakutoka ng'ambo. Yalilimwa na kuhifadhiwa papa hapa. Atakayekwenda mbele ya ofisa yeyote akasema aflatoksini ni hadithi atashindwa, na atastahili kushindwa. Kinachoweza kuhojiwa ni jambo jingine: kama ushahidi uliopo unafika mpaka kwenye katazo lenyewe. Kuthibitisha kwamba sumu inaua ni kazi moja. Kuthibitisha kwamba imo katika mahindi haya, kwa kiasi hiki, na kwamba haizuiliki kwa njia nyingine, ni kazi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Hatua ya kwanza: ipate barua, usitegemee habari ya barua

Usianze na alichosema wakala wa forodha au kilichosomwa redioni. Tafuta nakala ya agizo na uandike mambo manne pembeni: nani ametoa, tarehe gani, bidhaa gani hasa, na sababu iliyotajwa kwa maneno yake yenyewe. Ile ya 2021 ilitaja sumukuvu kwa jumla, yaani familia nzima ya sumu za ukungu, huku masharti yaliyofuata yakitaja aflatoksini peke yake. Tofauti hiyo ina uzito. Fumonisini nayo ni sumukuvu ya mahindi, lakini ina ukungu wake, kipimo chake na kiwango chake. Anayekwambia "sumukuvu" bila kutaja ipi hajakupa kitu cha kupima.

Tarehe nayo iandike kwa wino. Mwishoni utaona kwa nini.

Hatua ya pili: tenganisha sharti la afya na sharti la kiufundi

Shirika la Biashara Duniani, WTO, lina mikataba miwili inayofanana sura lakini yenye mizani tofauti. Mmoja, unaojulikana kama SPS, unahusu hatua za kulinda uhai na afya ya watu, wanyama na mimea dhidi ya wadudu, magonjwa, sumu na vichafuzi vya chakula. Wa pili, TBT, unahusu vikwazo vya kiufundi vya aina nyingine: lebo, vifungashio, vipimo vya ubora. Sharti likishaingia SPS, haliko tena chini ya TBT.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ni SPS, katika kifungu cha 2.2, inayosema hatua isidumishwe bila ushahidi wa kutosha wa kisayansi. TBT haisemi hivyo. TBT inauliza kama lengo ni halali na kama sharti limebana biashara kupita inavyohitajika kulifikia. Taarifa za kisayansi zimo miongoni mwa mambo ya kuzingatia, lakini haiwezekani kumwambia mtu alete tathmini ya hatari kwa sababu ya rangi ya gunia.

Chukua cheti kimoja cha mahindi uone. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, kinaweka ukomo wa punje zilizovunjika, na kinataka aflatoksini kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, huku ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Punje zilizovunjika ni suala la ubora. Hilo ni la TBT. Aflatoksini ni la SPS bila shaka. Unyevu unategemea sababu iliyotolewa: ukiwekwa ili mnunuzi asilipie maji, ni ubora; ukiwekwa ili ukungu usiote, umevuka kwenda upande wa afya. Kinachoamua ni lengo la sharti. Hivyo mzigo wako ukikataliwa, uliza umekataliwa kwa mstari upi wa cheti. Nimeona watu wakiandika kurasa tatu kuhusu sayansi ya aflatoksini wakati mzigo ulikataliwa kwa unyevu.

Hatua ya tatu: tenganisha kiwango na katazo

Hapa watu hupotea. Kiwango cha mikrogramu 10 ni kitu kimoja. Kufunga mpaka kwa nchi mbili ni kitu kingine. Kila kimoja kinahitaji ushahidi wake.

Kiwango usikiguse. Kimekubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, kinatumika kwa mahindi ya Kitale sawa na ya Iganga nchini Uganda, na nchi ina haki ya kuchagua kiasi cha ulinzi inachotaka kwa watu wake. Hata nchi inayotaka ulinzi mkali zaidi haikatazwi na SPS, mradi ionyeshe sayansi yake.

Katazo ndilo la kuhoji. Linasema kitu kikubwa zaidi ya kiwango: linasema mahindi yote ya nchi hizo, yawe yamepimwa au hayajapimwa, yatendewe kana kwamba yamezidi. Kwa hilo panahitajika kiungo kati ya ushahidi na hatua, na mahakama za WTO zimekitazama kiungo hicho mara kadhaa.

Kesi iliyonisaidia kuelewa ni ya matofaa kati ya Marekani na Japani, iliyoamuliwa mwaka 2003. Japani iliogopa ugonjwa wa bakteria unaounguza miti ya matofaa. Ikataka matofaa ya Marekani yatoke kwenye mashamba yasiyo na ugonjwa, yaliyokaguliwa mara tatu kwa mwaka na kuzungukwa na ukanda wa mita 500. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na hakuna aliyebisha. Swali likawa: je, tofaa lililokomaa, lisilo na dalili, linaweza kuubeba ugonjwa hadi kwenye mti wa Japani? Ushahidi ulionyesha kwamba uwezekano huo ni mdogo mno. Japani ikashindwa, kwa kuwa hatua yake ilikuwa kubwa kupita kiasi ukiilinganisha na hatari iliyothibitishwa.

Soma kesi hiyo kwa macho ya mahindi. Hatari ipo, lakini sheria inauliza inapita njia gani.

Hatua ya nne: omba tathmini ya hatari, na ujue utakavyoisoma

Kifungu cha 5.1 cha SPS kinataka hatua ijengwe juu ya tathmini ya hatari. Kifungu cha 5.8 kinairuhusu nchi inayoumia kuomba maelezo ya sababu, na nchi iliyoweka hatua inatakiwa kuyatoa. Lakini angalia nani ana haki gani. WTO ni ya serikali. Muuzaji wa Babati, Tanzania, hawezi kuishtaki Kenya huko Geneva, makao ya WTO. Anaiomba wizara yake iulize. Wewe uliye Nairobi, mwagizaji Mkenya mbele ya agizo la Kenya, huna nafasi kabisa kule.

Una njia ya nyumbani, na kwa maoni yangu ni ya haraka zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaongeza jambo zito: ofisi isipotoa sababu ilizoombwa, uamuzi huchukuliwa kwamba ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Barua ya kuomba isiwe ndefu. Kwa mzigo wa mfano ningeandika hivi:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 na cha 47 cha Katiba, naomba nipewe: nakala ya tathmini ya hatari iliyotumika kutoa agizo la tarehe 5 Machi 2021, idadi ya shehena zilizopimwa, tarehe na wilaya zilikotoka, namna sampuli zilivyochukuliwa na uzito wake, matokeo yote, yaliyozidi kiwango na yasiyozidi, matokeo ya mahindi ya hapa nchini kwa kipindi hichohicho, na njia nyingine zilizofikiriwa kabla ya kuzuia uingizaji. Nimeathiriwa kwa kuwa nina magunia 300 yaliyozuiliwa mpakani, kama nakala ya hati zilizoambatanishwa inavyoonyesha."

Ombi la "matokeo yote" usiliache. Ukipewa yaliyozidi peke yake hujui kama ni 20 kati ya 25 au 20 kati ya 2,000.

Jibu likifika, lisome ukiuliza kama ni mahususi. Katika kesi ya nyama ya ng'ombe waliopewa homoni, iliyoamuliwa mwaka 1998, Ulaya ilileta tafiti nyingi zilizoonyesha kwamba homoni zinaweza kusababisha saratani. Ilishindwa kwa sababu tafiti hizo zilihusu homoni kwa jumla. Hazikuchunguza mabaki yaliyomo ndani ya nyama ya ng'ombe waliotibiwa kwa makusudi ya kunenepeshwa. Basi ukitumiwa makala inayoeleza kwamba aflatoksini huharibu ini, umetumiwa jambo la kweli ambalo si jibu la swali lako. Kesi hiyohiyo ilisema pia kitu ambacho mfanyabiashara hapendi kukisikia: si lazima serikali ifuate maoni ya wanasayansi walio wengi. Maoni ya wachache wanaoheshimika katika fani yao yanatosha. Kwa hiyo usiende ukidhani utashinda kwa kuhesabu maprofesa.

Hatua ya tano: kagua sampuli kabla ya kukagua namba

Katika hatua zote, hii ndiyo ninayoomba uipe muda. Watu huangalia namba kwenye cheti, 31 au 4, kana kwamba ni uzito kwenye mizani. Kwa aflatoksini namba hiyo inategemea kwanza mkono ulioshika bambo.

Ukungu hauoti sawasawa ndani ya mzigo. Hushika hindi moja lililotobolewa na mdudu, au gunia lililolowa pembeni, na kuacha mengine safi. Punje moja moja zimewahi kupimwa zikakutwa na mikrogramu laki nne kwa kilo. Tufanye hesabu. Punje yenye gramu 0.3 na ukali huo inabeba mikrogramu 120 za sumu. Iweke ndani ya sampuli ya kilo 10 ambayo kwingine ni safi kabisa, saga, changanya: utapata mikrogramu 12 kwa kilo. Umezidi kiwango kwa punje moja, na katika kilo 10 zipo punje kama 33,000.

Sasa lori letu. Magunia 300 ya kilo 90 ni tani 27, karibu punje milioni 90. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu sampuli za sumukuvu ilitaka, kwa shehena ya nafaka ya zaidi ya tani 20 hadi 50, michoto 100 ya gramu 100 hivi kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, ili ipatikane sampuli ya kilo 10. Kwa magunia 300 maana yake ni mchoto mmoja katika kila gunia la tatu, yakiwemo ya katikati na ya chini. Linganisha na kinachotokea lori likiwa limefunguliwa mlango wa nyuma tu, bambo likaingizwa katika magunia matano yaliyo karibu, na nusu kilo ikapelekwa maabara. Sampuli hiyo inaeleza habari za magunia matano. Ikisema 31, huenda iliangukia punje chafu. Ikisema 4, huenda iliikosa.

Basi ukipewa ripoti, tafuta idadi ya michoto, uzito wa sampuli nzima, na kama sampuli yote ilisagwa kabla ya kutolewa ile gramu 25 au 50 inayopimwa. Kuchota gramu 50 za punje zisizosagwa kunaharibu kazi yote iliyotangulia. Tazama pia kama maabara ina ithibati ya ISO 17025 kwa kipimo hicho hasa, si kwa vipimo vya maji au mafuta. Taa ya zambarau inayofanya punje zing'ae kijani-manjano ni ya kuchambulia tu. Mng'ao huo unaonyesha ukungu ulipita, hauonyeshi kiasi cha sumu. Na kipimo cha haraka cha karatasi kinafaa kuamua lori lipi lisubiri, lakini mzigo ukikataliwa, omba upimwe tena maabara.

Omba jambo moja zaidi siku hiyohiyo ya kuchukua sampuli, si baadaye: unga uliosagwa ugawanywe mafungu matatu yaliyotiwa lakiri. La kwanza ni la kupimwa, la pili lako, la tatu la kusuluhisha mkitofautiana. Bila hilo, utakapokwenda kupima mwenyewe utaambiwa umepima mahindi mengine, na pengine watakuwa sahihi.

Sasa nieleze upande wa pili, kwa sababu hoja hii hukata kotekote. Kutosambaa sawa kwa sumu kunakusaidia kusema kwamba matokeo mabaya machache hayaonyeshi hali ya nchi nzima. Lakini kunamsaidia pia ofisa kusema: "Kama ni rahisi kuikosa punje mbaya, basi vyeti vyako visafi haviniondolei wasiwasi, na njia pekee ni kuzuia." Hiyo ndiyo hoja bora ya serikali, na usiposikia mtu akiitoa, jiandae nayo hivyohivyo. Jibu lake halimo katika kukana. Limo katika kuonyesha kwamba sampuli ikichukuliwa vizuri, michoto mingi, usagaji kamili, nafasi ya kuikosa shehena mbaya sana inapungua kwa kiasi kikubwa, na kwamba utaratibu huohuo ndio unaoaminiwa kwa unga unaouzwa madukani hapa Nairobi.

Hatua ya sita: onyesha njia isiyobana sana

Kifungu cha 5.6 cha SPS kinakutaka uonyeshe njia nyingine inayotimiza mambo matatu kwa pamoja: inawezekana kiufundi na kwa gharama, inaleta ulinzi uleule ambao serikali imeuchagua, na inabana biashara kidogo zaidi, kwa tofauti inayoonekana wazi. Likikosekana moja, hoja imeanguka.

Katika kisa chetu, njia hiyo iliandikwa na wizara yenyewe tarehe 10 Machi. Kupima kila mzigo na kutaja wilaya ulikotoka kunalinda mlaji kwa kiwango kilekile cha 10, na kunaruhusu mahindi safi yapite. Kutaja wilaya kuna maana ya kisayansi. Aflatoksini hufuata ukame wa mahindi yakiwa shambani na unyevu yakiwa ghalani. Hali hizo hubadilika kwa eneo na kwa msimu, na mstari wa mpaka hauzibadilishi. Ofisa akijua wilaya, anaweza kuongeza ukaguzi pale penye tatizo na kupunguza kwingine.

Hapo ndipo pia swali la usawa linapoingia. Kifungu cha 2.3 kinakataza kubagua bila sababu kati ya nchi zenye hali zinazofanana, ikiwemo nchi yenyewe inayoweka hatua. Tunajua mahindi yetu si safi kwa asili. Mbali na vifo vya 2004, uchunguzi wa masoko wa mwaka huo katika maeneo yaliyoathirika ulikuta zaidi ya nusu ya sampuli zimevuka kiwango cha wakati ule, kilichokuwa mikrogramu 20. Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi sokoni kwa sababu ya aflatoksini. Tazama lilivyofanya: liliziondoa zile zilizopatikana na kosa, na halikufunga vinu vyote vya Kenya. Uliza kwa adabu kwa nini utaratibu wa kupima na kuondoa kilicho kibaya ulitosha kwa unga wa hapa lakini haukutosha kwa punje za jirani. Panaweza kuwa na jibu, kwa mfano kwamba kinu kinaweza kukaguliwa wakati wowote na ghala la Uganda haliwezi. Jibu hilo likitolewa, linaelekeza kwenye cheti na ukaguzi wa pamoja, bado si kwenye kufunga.

Kuwa mwangalifu na masharti mapya pia. Upimaji usio na maabara karibu na mpaka unaweza kuwa katazo kwa jina jingine. SPS inataka ukaguzi ufanyike bila kucheleweshwa pasipo sababu. Weka kumbukumbu ya saa: lori liliingia lini, sampuli ilichukuliwa lini, matokeo yalitoka lini. Mahindi yenye unyevu wa 14 yakikaa siku kumi chini ya turubai, ukungu uliokuwa haupo unaweza kuanza huko huko foleni.

Hatua ya saba: wakikuambia ni tahadhari

Mara nyingine ofisi hujibu kwamba ushahidi haujakamilika na hatua ni ya tahadhari. SPS inaruhusu hilo katika kifungu cha 5.7, lakini kwa masharti manne yanayokwenda pamoja: ushahidi wa kisayansi uwe hautoshi kweli kufanya tathmini, hatua ijengwe juu ya taarifa zilizopo, serikali iendelee kutafuta taarifa zaidi, na hatua ipitiwe upya ndani ya muda unaofaa.

Sharti la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Japani ilijaribu mlango huu katika kesi ya matofaa ikafungiwa, kwa kuwa ugonjwa ule ulikuwa umechunguzwa kwa karibu miaka 200. Ushahidi haukupungua, ila haukuwa upande wake. Aflatoksini nayo imechunguzwa tangu miaka ya 1960. Kisichojulikana ni hali ya shehena fulani, na dawa ya kutojua huko ni kuipima. Kwa ugonjwa mpya wa mifugo ambao njia yake ya kuenea haijulikani, ningesema tofauti kabisa. Pale tahadhari ina nafasi yake halali, na ningekushauri usipoteze pesa za wakili.

Hatua ya nane: peleka, na uhesabu siku

Peleka malalamiko mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwanza, andikisha kikwazo katika `www.tradebarriers.org`, mfumo wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha, ambako nchi inayolalamikiwa inatakiwa kujibu na wengine wanaona. Andika sentensi chache: agizo, tarehe, mpaka, mzigo, na kile ulichoomba ukakosa. Pili, mwombe muuzaji wako wa Uganda au Tanzania aipelekee wizara yake ya biashara karatasi zilezile, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuliuliza jambo hilo katika vikao vya Jumuiya na katika kamati ya SPS huko Geneva.

Ipo njia ya tatu ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui mpaka imefungwa. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kuhoji uhalali wa agizo au kitendo cha serikali ya nchi mwanachama. Huhitaji serikali ikubebe. Lakini muda ni miezi miwili tangu agizo kutolewa au tangu ulipolijua, na mahakama hiyo imekuwa kali juu ya muda huo. Kusema bado ulikuwa unazungumza na wizara hakuusimamishi.

Kwa aliyeijua barua ya tarehe 5 Machi siku ilipotoka, mlango ulifungwa mwanzoni mwa Mei 2021. Ombi lake la taarifa, kama angeliwasilisha Jumatatu ya tarehe 8 Machi, lilipaswa kujibiwa kabla ya Machi kwisha. Zingebaki kama wiki tano za kusoma tathmini, kumtafuta mkemia wa kueleza sampuli, na kuandika shauri. Aliyesubiri hadi Mei ndipo aombe nakala hakuwa na siku hata moja.